Weupe upi kwa skrini ya kazi za uchapaji: D50, D65 au ule wa karatasi yako?

Kolorimita imeshachomekwa, imejigandisha kwenye skrini kama kupe, na programu inakuuliza mambo matatu kabla haijaanza kupima: mwangaza kiasi gani, weupe upi, gama ngapi. Wengi wetu mara ya kwanza tuliacha namba zilizokuwemo tukabonyeza kuendelea. Kifaa hakikukataa, maana hakina maoni. Kazi yake ni kusoma skrini inatoa mwanga gani, kukuongoza kuisogeza kuelekea namba ulizoandika, kisha kuandika profaili inayoieleza skrini ilivyo. Namba zenyewe unazipanga wewe.

Gama, yaani jinsi mwanga unavyopanda kutoka weusi hadi weupe, naimaliza hapa hapa kwa sababu haina ugomvi mkubwa. Programu za picha zinazosoma profaili huifidia zenyewe, kwa hiyo 2.2 inatosha kwa karibu kila skrini. Ndiyo iliyo jirani na tabia ya skrini tangu kiwandani, na usipoilazimisha sana skrini, mpito wa rangi hubaki laini. Mwangaza una hesabu yake, tutaifanya. Kinachogawa watu ni weupe: D50 wenye umanjano kiasi, D65 wenye ubluu zaidi, au weupe uliotafutwa kwa jicho mpaka ukafanana na karatasi.

## Weupe wa skrini unagusa nini

Picha ikienda kwa printa, weupe wa skrini yako haumo ndani yake. Eneo lenye 255 katika rangi zote tatu litaachwa bila wino, liwe limeonekana kwenye skrini kama maziwa au kama krimu. Profaili huhesabu rangi nyingine zote kwa kuzilinganisha na weupe huo, kwa hiyo uhusiano kati ya rangi unabaki uleule hata ukibadilisha weupe.

Kinachobadilika ni jicho. Skrini ikiwa na ubluu kuliko karatasi iliyo pembeni, utaiona karatasi imechakaa, na mkono utaanza kurekebisha picha ili kuziba pengo ambalo halimo kwenye picha. Marekebisho hayo ndiyo yatakayochapishwa. Basi swali la kujiuliza ni hili: utakapokuwa unaamua rangi, macho yako yatakuwa yamezoea weupe wa nini?

## Vigezo

Nitazipitisha njia zote tatu kwenye mambo manne. Kwanza, karatasi ikiwekwa kando ya skrini, vitu hivyo viwili vinakubaliana? Pili, skrini ikiwa peke yake kwa saa kadhaa, macho yanatulia? Tatu, shabaha hiyo inakula nini kutoka kwenye skrini, yaani ngazi za rangi na mwangaza. Nne, namba inaaminika kiasi gani: ukipima tena baada ya mwezi, au mwenzako akipima kwa kifaa chake, mtafika palepale?

## Mwangaza kwanza, maana ni wa njia zote

Karatasi haina taa ndani. Inang'aa kwa kadiri inavyomulikwa, na hilo linahesabika. Chukua luksi zinazoifikia karatasi, zidisha kwa sehemu ya mwanga inayorudishwa na karatasi (karatasi nyeupe nzuri ni kama 0.88), kisha gawanya kwa 3.14. Meza yenye luksi 400 inatoa hivi:

```
400 × 0.88 ÷ 3.14 = 112
```

Hizo ni kandela 112 kwa mita ya mraba, ambazo programu huziandika cd/m². Kolorimita nyingi huja na kifuniko cheupe cha kupimia taa ya chumba. Kilaze kifaa mahali karatasi itakapokaa, usikielekeze dirishani, nawe utapata luksi zako. Kwa wanaotumia programu ya ArgyllCMS, amri ni `spotread -a`.

Kiwango cha ISO 3664 kina hali mbili za kutazama chapa: luksi 2000 kwa ulinganisho wa makini, na luksi 500 kwa kuitazama chapa kama itakavyotazamwa kwa kawaida. Ukiziingiza kwenye hesabu yetu, luksi 500 zinakupa kandela 140, na luksi 2000 zinakupa kandela 560. Hiyo ya pili skrini nyingi za meza haziifikii, na hata ingefika nisingependa kukaa mbele yake kutwa nzima. Ndiyo maana sanduku zuri la kutazamia prufu, yaani chapa ya majaribio ya rangi, huwa na swichi ya kupunguza taa: badala ya kuipandisha skrini, unaishusha taa.

Hapa ndipo lilipo jibu la lalamiko la kila siku kwamba chapa inatoka giza. Skrini iliyoachwa kwenye kandela 280 mezani ambapo karatasi ina 112 inang'aa mara mbili na nusu ya karatasi, tofauti ya zaidi ya stopu moja ya kamera. Mtu anaipunguza picha mwanga mpaka ipendeze kwenye skrini hiyo, halafu lawama zinaiendea printa.

## D50

Huu ndio weupe rasmi wa ulimwengu wa uchapaji. Taa za kutazamia prufu hufuata D50, na profaili zote za ICC hukutanishwa katika D50. Kwenye chati ya rangi ni x 0.3457, y 0.3585, karibu na Kelvini 5000.

Karatasi ikiwa kando. Kwa nadharia zinalingana kabisa. Kwa macho, mara nyingi skrini huonekana ya manjano kuliko karatasi. Sababu moja ni karatasi zenyewe: nyingi zina kemikali za kung'arisha ambazo hunyonya mionzi ya urujuanimno na kuirudisha kama mwanga wa bluu, hivyo karatasi chini ya taa ya D50 yenye mionzi hiyo huwa na ubluu kuliko D50 yenyewe. Chukua karatasi isiyong'arishwa, kama zile za pamba za sanaa, na D50 inakaa vizuri zaidi. Sababu nyingine ni macho: hayaizoei skrini inayotoa mwanga wake kama yanavyoizoea karatasi inayomulikwa.

Skrini peke yake. Ndani ya chumba chenye taa za Kelvini 5000 na madirisha yaliyofunikwa, baada ya dakika kumi hivi unasahau kwamba ni ya manjano. Ukiweka pembeni skrini ya pili ambayo haijapimwa, au simu inayowaka, hutasahau kamwe.

Inachokula. Hapa lazima nikae kidogo, kwa sababu ndipo kompyuta za mkononi zinapoumia. Tuseme skrini ina weupe wa D65 kiasili na rangi zake tatu ni zile za sRGB. Kuifikisha D50, nyekundu inabaki kamili, kijani inashushwa mpaka kama 83% ya mwanga wake, na bluu mpaka kama 61%. Kwa gama 2.2, kilele cha bluu kinakuwa karibu na 204 badala ya 255, na cha kijani karibu na 234. Skrini yenye vitufe vya kurekebisha nyekundu, kijani na bluu, hasa ile yenye jedwali lake la ndani la biti 10 au zaidi, inaimeza hesabu hii bila shida. Kompyuta ya mkononi haina vitufe hivyo, kwa hiyo kazi yote inafanywa kwenye kadi ya picha, mara nyingi kwa biti 8. Ngazi 256 za bluu zinabanwa ndani ya nafasi 205 hivi, zinaanza kugongana, na anga lililokuwa linafifia polepole linaonyesha mistari. Mwangaza wa juu kabisa nao unapungua kwa kama 15%.

Namba inaaminika? Kwa kushirikiana na wengine, hakuna namba bora zaidi: ukimwambia mtu wa mtambo D50, mmeelewana. Lakini unaegemea ukweli wa kifaa moja kwa moja. Kolorimita huona kwa vichujio vya rangi, na vichujio havilingani kikamilifu na jicho la kawaida la CIE la 1931. Kosa hilo hurekebishwa na faili inayoeleza aina ya taa iliyo nyuma ya skrini, ambayo kwenye ArgyllCMS huishia na `.ccss`. Ukichagua faili ya taa nyeupe ya kawaida ilhali skrini yako ni ya rangi pana, weupe utatoka na uwaridi au ukijani, na ripoti itakuambia mambo ni shwari. Ripoti haisemi uongo: kifaa kilekile kilichokosea ndicho kilichokagua.

## D65

x 0.3127, y 0.3290, karibu na Kelvini 6500. Ndio weupe wa sRGB na wa Adobe RGB, na skrini nyingi hutoka kiwandani zikiwa jirani nao.

Karatasi ikiwa kando. Chini ya taa ya Kelvini 5000 karatasi itaonekana ya manjano, au skrini itaonekana ya bluu, kutegemea umekodolea ipi kwa muda mrefu. Kulinganisha bega kwa bega hakufai. Unachoweza kufanya ni kulinganisha kwa zamu: tazama skrini, geuka, ipe karatasi iliyo chini ya taa yake nusu dakika, macho yazoee, ndipo uamue. Watu wenye uzoefu hufanya hivyo na kazi zao hutoka safi. Mgeni hudanganyika.

Skrini peke yake. Hapa D65 haina mpinzani. Hata ISO 3664 inapozungumzia skrini inayotazamwa bila chapa kando yake, weupe inaoutaja ni D65. Mwanga wa mchana ukiingia chumbani, skrini haigeuki kuwa kitu kigeni.

Inachokula. Karibu hakuna. Ngazi zinabaki, mwangaza unabaki, na skrini ya kompyuta ya mkononi inapumua.

Namba inaaminika? Hatari ya faili isiyo sahihi ya taa ya nyuma ni ileile ya D50. Utaigundua siku utakapoweka pamoja skrini mbili za aina tofauti, zote "D65", moja ikaonekana ya waridi. Usiendelee kupima mara kumi. Badilisha faili ya marekebisho kwanza.

## Weupe uliotafutwa kwa jicho

Njia hii inaanzia kwenye karatasi. Unaweka kipande cheupe cha karatasi utakayochapia chini ya taa yako, unafungua kwenye skrini dirisha jeupe la ukubwa huohuo, kisha unasogeza vitufe vya nyekundu, kijani na bluu mpaka vitu viwili viwe kimoja. Ndipo unaipima skrini kwa kolorimita na kuichukua namba iliyotoka kama shabaha.

Karatasi ikiwa kando. Ndicho kitu pekee njia hii inachokijali, na inakifanya kuliko nyingine zote. Lakini ni kwa karatasi hiyo na taa hiyo tu.

Skrini peke yake. Kwa kawaida unaangukia kati ya Kelvini 5300 na 6000, ambako macho hayalalamiki sana.

Inachokula. Kidogo kuliko D50, zaidi ya D65. Isipokuwa skrini isiyo na vitufe vya rangi, ambayo njia hii inaitesa: itabidi ubadilishe namba kwenye programu, usubiri, utazame, ubadilishe tena.

Namba inaaminika? Hapa kuna jambo ninalolipenda. Kwa kuwa jicho ndilo lililopanga, kosa la kolorimita haliingii kwenye weupe. Kifaa kinaweza kusoma x kwa kukosea, lakini kesho kitakosea vilevile, na utarudi mahali palepale. Namba inakuwa anwani kwa lugha ya kifaa chako. Kwa sababu hiyohiyo usimtumie mwenzako namba hiyo: kwenye kifaa chake na skrini yake ni anwani ya mtaa mwingine.

### Mfano kwa hatua

Meza ina taa ya Kelvini 5000, luksi 400, na karatasi isiyong'aa iliyong'arishwa kwa kemikali. Skrini imewashwa nusu saa. Vimezimwa vyote vinavyojifanya vina akili: mwangaza unaojirekebisha, rangi za usiku, kuokoa umeme.

Hesabu ilishatupa kandela 112, basi mwangaza wa skrini unawekwa hapo kwanza. Weupe unaanzia Kelvini 5800. Karatasi inasimamishwa kando ya skrini, kwa pembe ambayo taa inaifikia bila kumulika kioo. Mara ya kwanza skrini inaonekana ya bluu kidogo. Bluu inashushwa hatua tatu, na sasa kuna uwaridi, kwa hiyo kijani inapandishwa hatua moja. Baada ya kila mguso, tazama ukuta wa kijivu au funga macho kidogo. Ukikodoa bila kupumzika, macho yatazoea chochote na kukuambia tayari.

Zinapokubaliana, kolorimita inasoma x 0.3330, y 0.3490. Ni karibu na Kelvini 5480, kijani kidogo kuliko mstari wa mwanga wa mchana. Hiyo "kijani kidogo" ndiyo usingeipata kwa kuandika Kelvini peke yake, kwa sababu Kelvini haisemi lolote kuhusu kijani na waridi. Mwangaza unakaguliwa tena, maana kugusa rangi kumeusogeza, na unarudishwa 112. Kisha:

```
dispcal -v -yl -X skrini.ccss -w 0.3330,0.3490 -b 112 -g 2.2 meza
```

Baada ya hapo inapimwa mikunjo, halafu vipande vya rangi vya profaili. Faili ya `.ccss` bado inahitajika: weupe umeuokoa kwa jicho, lakini nyekundu, kijani na bluu za profaili zinasomwa na kifaa.

Ukaguzi wa kweli ni chapa. Chapisha picha yenye kijivu kisicho na rangi na ngozi ya mtu, iache ikauke, iweke kando, na fungua picha hiyohiyo katika prufu ya skrini, yaani mwonekano wa chapa unaoigwa kwenye skrini, ukitumia profaili ya karatasi hiyo. Kwanza acha `Simulate Paper Color` ikiwa imezimwa. Umeshaifanya skrini iwe nyeupe kama karatasi, na ukiiwasha juu yake rangi ya karatasi inahesabiwa mara mbili. Wenye D50 au D65 ndio wanaoihitaji, na kwao inafanya kazi yake. Kwa njia ya tatu washa `Simulate Black Ink` tu, inayoshughulikia weusi.

Kuhusu weusi, neno moja. Karatasi ya kung'aa yenye weusi wa L* 4, kwenye kipimo cha kutoka 0 nyeusi hadi 100 nyeupe, ina tofauti ya karibu 226 kwa 1 kati ya nyeupe na nyeusi. Isiyong'aa yenye L* 16 ina kama 48 kwa 1. Skrini ya kawaida ina 1000 kwa 1. Wapo wanaoinua weusi wa skrini ili ifanane na karatasi. Mimi huuacha chini na kuiachia prufu ya skrini iuinue, kwa sababu karatasi hubadilika kila kazi na sitaki kupima upya kila mara.

## Kwa hali yako

Kama unatuma kazi kwenye mtambo wa uchapaji na unapokea prufu iliyothibitishwa, tena una sanduku la kutazamia lenye taa ya D50, chagua D50, na mwangaza uufuate wa sanduku. Hapo makubaliano na watu wengine yana uzito kuliko raha ya macho. Iwapo prufu zao ni za karatasi iliyong'arishwa sana na skrini inaonekana ya manjano mno, elekea njia ya tatu, ila waambie umefanya hivyo.

Kama picha zako nyingi huishia kwenye skrini za watu na chache tu huchapishwa, au unafanyia kazi kompyuta ya mkononi, baki D65. Weka kandela 100 hadi 120, zoea kutazama kwa zamu, na chapisha kipande kidogo cha majaribio kabla ya karatasi kubwa.

Kama unachapa mwenyewe, kwa printa iliyo chumba kimoja na skrini, karatasi moja au mbili unazozirudia, na taa ya mezani haibadiliki, jicho litakupa matokeo bora kuliko namba yoyote ya kuazima. Una karatasi mbili zenye weupe wa mbali? Tengeneza profaili mbili, kila moja na hali yake ya vitufe kwenye skrini, na uzipe majina ya karatasi, si tarehe.

Na kama bado taa ya chumba chako ni ya dirishani, inayobadilika kutoka asubuhi hadi jioni, weka D65, ahirisha uchaguzi huu wote, na anza na pazia na taa moja nzuri ya Kelvini 5000. Ukishazipata, pima luksi upya ndipo urudi kwenye hesabu ya mwangaza.